Doti Mbili, Jina Moja

Idi ndogo ya mwaka 2014 nilishuka Mkoani na begi limejaa zawadi, nikapanda gari hadi Wete kwa wakwe zangu. Wifi yangu mkubwa nilimchukulia doti ya kanga ya kijani. Nilikwisha kuikata na kuipinda kabisa, maana kwetu si adabu kumpa mtu mzima kanga ambayo bado ana kazi nayo ya cherehani. Nilikuwa na furaha, kwa kuwa nilikumbuka vizuri kwamba Idi iliyopita nilimpa ya zambarau. Nikajiambia sikurudia.

Akaikunjua mapajani. Macho yake yakenda moja kwa moja chini ya mji, pale penye jina, akasoma kimoyomoyo. Kisha akaikunja polepole, kwa mikunjo ileile, akasema "Ahsante, wifi." Siku ile hakunena na mimi tena ila kwa salamu.

Usiku mama mkwe akanifuata jikoni, nakwangua masufuria. "Mwanangu, una neno gani na wifi yako?" Nikamwapia kuwa sina. Akenda kwenye kasha la bintiye, akaja na kanga ya zambarau, akaitandika juu ya ile ya kijani. Jina lilikuwa moja: *Usisafirie nyota ya mwenzio*.

Nilihisi baridi. Kanga moja hupigwa chapa kwa rangi tofauti, na maduka ya Darajani huzipanga hivyo hivyo, kijani juu ya zambarau juu ya machungwa. Mimi nilikuwa nanunua kwa rangi na maua, na kwa kumbukumbu yangu hizo zilikuwa zawadi mbili. Kwa wifi yalikuwa maneno mamoja yaliyosemwa mara mbili. Mara ya kwanza aliyameza, akasema labda sikuyatazama. Ya pili ikawa ni mkazo. Na mwaka ule mumewe alikuwa amefungua duka karibu na la mume wangu, jambo ambalo mimi wala sikulifikiria, na yeye alilifikiria kila siku.

Asubuhi nilimwendea chumbani, nikamwambia ukweli: nilichagua rangi, jina sikulisoma. Akanitazama muda. "Wifi, mwanamke wa Kiunguja asisome jina la kanga?" Sikuwa na jibu. Alinisamehe, lakini niliona hajaamini sawasawa.

Niliporudi mjini nikanunua daftari la kurasa mia, nikampa kila mtu kurasa zake mbili. Upande wa kushoto nikaandika nilivyokwisha kutoa: Idi gani, mwaka gani, na kwa kanga jina lote neno kwa neno, kwanza kuliko rangi. Hapo ndipo nilipobaini kuwa hata shangazi nilikaribia kumkosea vivyo hivyo.

Upande wa kulia vipimo, kila kimoja na tarehe yake. Viatu vya watoto havina maana bila tarehe. Namba ya Ramadhani hii mwakani haimwingii. Kofia ya baba mkwe nayo ilikuwa imenisumbua. Kofia ya viua hainyumbuki, nusu inchi ikipungua inakaa utosini kama kifuniko. Miaka yote nilikuwa napima kofia yake kuukuu kwa siri, kumbe ile ilifuliwa ikaanikwa bila faroma, ikarudi. Nikamwomba mume wangu ampime kichwa chenyewe kwa futi, juu ya masikio. Inchi 22 na nusu, na mimi nilikuwa nanunua 22.

Chini ya vipimo nikaacha nafasi ya maneno. Nayaandika kama yalivyotoka mdomoni mwa mtu, siku hiyohiyo, kwa sababu nikisubiri naandika ninavyotaka mimi. Na kabla sijanunua huuliza kwa watu wa nyumbani kama mwenyewe hajajinunulia.

Mstari wa kwanza wa wifi niliuandika mwezi mmoja tu baadaye. Alinipigia simu kuhusu harusi ya binti yake, katikati ya habari za mchele na mapambo akasema: "Na kisutu changu kimeshakuwa tambara, sijui nitatoka na nini." Akaendelea na mchele. Nikauandika vile vile.

Idi Kubwa nikampelekea kisutu, chekundu, cheusi na cheupe. Nilikitafuta kile cha mtindo wa zamani, kisicho na maandishi. Akakikunjua, kidole chake kikapita chini ya mji kutoka pindo hadi pindo kikitafuta jina. Akageuza upande wa pili. Kisha akacheka, akakitupa begani.

"Nani alokwambia?"

"Wewe, wifi. Siku ya habari za mchele."

Usiku ule, kwa mwanga wa simu, nikaandika kushoto: Idi Kubwa 2014, kisutu, hakina jina.