Tulivyopanga bei ya programu ya mitihani: nani apewe bure na nani alipe

Programu yetu ina mitihani iliyopita ya Kidato cha Nne na majibu yake yaliyokokotolewa na walimu. Kwa hiyo ina pande mbili: wanafunzi wanaotafuta majibu, na walimu wanaoyaandika. Ilituchukua karibu mwaka mzima kupata bei inayokaa.

Mwanzoni tulitoa bure mitihani kumi kwa kila somo. Ilikuwa mingi mno. Mwanafunzi wa kawaida hamalizi mitihani kumi ya Hisabati kabla ya Novemba, hivyo hakuwa na sababu ya kulipa. Dalili ilionekana wazi: watu walirudi kila wiki lakini hawakubonyeza hata ukurasa wa bei. Kama wangefika pale na kugeuka, tungesema bei ni kubwa. Hawakufika kabisa.

Tukahamisha ukuta wa malipo. Maswali yote yakawa bure, na jibu la mwisho bure pia. Kinacholipiwa ni hatua za kufikia jibu. Mwanafunzi anafanya swali, anaona amepata 14 na jibu sahihi ni 18, na hapo ndipo anapotaka kujua amekosea wapi.

Kifurushi cha mwezi kilikuwa shilingi 3,000, naye aliyelipa kwa simu hakukatwa fedha moja kwa moja kama mwenye kadi ya benki. Kila mwezi ilibidi aweke namba ya siri upya, maana yake aamue upya. Wengi walilipa mara moja wakapotea, nasi tukadhani huduma ni mbovu. Tulipoangalia tarehe tukagundua walikuwa wanafunzi wa bweni: likizo imeisha, simu imebaki kwa mama. Tulikuwa tunawauzia siku thelathini ambazo hawawezi kuzitumia.

Sasa tunauza siku kumi za matumizi kwa 3,000 ileile. Siku inahesabiwa tu pale unapofungua hatua za jibu, na kifurushi kinaisha mtihani wa taifa ukiisha. Kifurushi cha siku moja tulikijaribu tukakitoa, kwa kuwa mmoja alinunua, akapiga picha za skrini usiku kucha, kesho yake darasa zima likawa nazo. Siku hizi kila siku ya matumizi ina kikomo cha maswali 40, kiasi ambacho anayesoma kweli hakifikii.

Upande wa walimu tulianza na kosa kubwa zaidi: tuliwatoza ada ya kujiandikisha. Mwalimu alipe ili aandike majibu ambayo bado hayana msomaji? Waliokuja wanahesabika kwa vidole. Upande ambao ukikosekana mwingine hauji ndio wa kubebwa kwanza. Tukafuta ada, tukalipa 10,000 kwa kila mtihani uliokokotolewa wote, hadi masomo saba yakajaa. Baada ya hapo tukahamia kwenye mgao: asilimia 40 ya kinachobaki baada ya makato ya malipo ya simu.

Mgao huo mwanzoni tuliugawa kwa idadi ya waliofungua ukurasa wa mwalimu, wa bure na wanaolipa pamoja. Haikupita muda, mtihani mmoja ukafunguliwa mara mia kadhaa kwa usiku mmoja na akaunti mpya za bure. Sasa tunahesabu siku zilizolipiwa peke yake. Siku ambazo mwanafunzi hajazitumia, fedha yake haigawiwi bado. Inakaa pembeni, maana huduma yake bado tunadaiwa.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwezi mmoja tuna watumiaji wa bure 4,000, kila mmoja anatugharimu kama shilingi 40, jumla 160,000. Anayelipa 3,000 anakatwa asilimia 3, inabaki 2,910. Mwalimu anachukua asilimia 40, nasi tunabaki na 1,746. Gawanya 160,000 kwa 1,746 upate 91.6, yaani tunahitaji wanunuzi 92 ili wa bure wasitule. Ni asilimia 2.3 ya watu 4,000. Mwezi tunaopata 120 tunabaki na kama 49,500, na hapo sijagusa mishahara.

Wengi wakiona hesabu hiyo wanakimbilia kupandisha bei. Sisi tuliichambua kwanza ile shilingi 40 ya mtumiaji wa bure. Kumbe zaidi ya nusu yake ni ujumbe mfupi wa kuthibitisha namba, uliokuwa ukitumwa kwa kila anayejiandikisha, hata yule anayechungulia mara moja na kuondoka. Tukasogeza uthibitisho hadi hatua ya kulipa. Gharama ya mtu wa bure ikashuka hadi 15, na wanunuzi wanaohitajika wakawa 35 badala ya 92.