Fundi "alinitengenezea" saa ya kuzamia, nikaumbuka chini ya maji

Hii naandika na hasira kidogo. Nilinunua saa ya mzamiaji ya mtumba pale Kariakoo, ina ile ringi ya nje yenye namba na kipembetatu, sasa ringi ikawa inazunguka kushoto tu, ukiipeleka kulia inagoma kabisa. Nikajua mbovu. Fundi naye akasema "bosi hii imeshika kutu", akaing'oa, akatoa kispringi chembamba cha bati akanionyesha kama daktari aliyetoa jino. Ikawa inazunguka kotekote, laini kama feni. Elfu kumi na kitu ikaenda, na asante juu.

Kuitumia ni rahisi, unapoanza kuzama unaleta kipembetatu mbele ya mshale wa dakika (wa dakika jamani, sio wa saa), basi kila ukitazama, namba ya ringi iliyo mbele ya mshale ndo dakika zilizopita.

Nungwi tukazama saa tano na dakika kumi, nikaweka kipembetatu kwenye dakika ya 10. Tulikubaliana ikifika nusu saa tunapanda. Huko chini nikawa najipenyeza kwenye matumbawe namfuata kasa, mkono ukisugua sugua jiketi. Mwalimu akanipa ishara ya dole gumba, tupande. Mimi na kiburi changu nikamwonyesha saa, dakika 20 bwana, bado! Akaniangalia, akanishika jiketi, tukapanda.

Kwenye boti akaitekenya ringi kwa kidole, ikateleza. "Mdogo wangu, hii nani kakufungulia?" Kule chini mshale ulikuwa kwenye 40, kumbe kipembetatu kilishasogea kulia hadi 20, ndo maana nilisoma 20 wakati zimeshapita 30. Akanieleza, ule ugumu ndo kazi ya kispringi. Ringi yenye kispringi chake ikigongwa inaweza kwenda kushoto tu, tuseme kipembetatu kitoke 10 kirudi 5, hapo ungesoma 35, ungepanda mapema na hasara yako ni kumkosa kasa. Ikienda kulia inakudanganya una muda, na hewa kwenye mtungi haijui hilo. Ndo nikaelewa saa haikuwa mbovu hata siku moja.

Fundi mwingine alinitafutia kispringi kingine, kikala hela zaidi ya yule wa kwanza. Sasa inalia kliki 120 mzunguko mzima, nusu dakika kila kliki, na nikipitiliza alama hata kwa kliki moja inabidi nizungushe duara zima upya, dole gumba linaiva. Nikitoka baharini naisuuza maji baridi huku naizungusha, mchanga ukikaa chini yake inakwama kweli. Nyumbani naipimia maharage, ila yakivuka saa moja ringi inaanza upya, wiki iliyopita niliyaunguza hivyohivyo.

Yule fundi wa kwanza bado nampitia njiani, juzi kaniita kabisa: "Bosi, ile saa si inazunguka fresh?"