Gari moja lizunguke au kila msambazaji alete mwenyewe? Hesabu yangu ya kiwanda cha sosi

Mimi nashika manunuzi kwenye kiwanda kidogo cha sosi ya pilipili huku Mbezi ya Kimara, na vifungashio vyetu vinatoka kwa wasambazaji wanne: chupa na vifuniko Vingunguti, maboksi Chang'ombe, lebo Gerezani. Wiki nzuri tunatumia seti 12,000, yaani chupa, kifuniko na lebo yake, na maboksi 500 ya kubeba 24 24.

Bosi alikuwa anaona magari manne yanaingia getini anasema hii ni hasara, tukodi Kanta moja izunguke kote irudi na kila kitu. Nikamwambia sawa ila tusilinganishe gari na gari, tulinganishe shilingi kwa seti iliyofika stoo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua usafiri tunaolipa ni shilingi ngapi maana wengi wanauficha ndani ya bei. Nikawapigia mmoja mmoja, nikija kuchukua mwenyewe getini kwako unapunguza ngapi? Wa chupa akasema shilingi 9 kwa chupa, hiyo ni 108,000. Wa maboksi akatoa 100 kwa boksi, 50,000. Lebo tulikuwa tunalipa bodaboda wenyewe 12,000. Wa vifuniko ndo akagoma, "bosi wangu we njoo tu uchukue, ila bei ni ile ile, gari langu si lipo."

Hapo watu wengi wanaruka, wanasema gari lake linamgharimu kwa hiyo tukimfuata tumeokoa. Mmeokoa nini sasa kama hajashusha bei? Amefurahi yeye, wewe umeongeza kituo. Nikarudi kwake na ofa nyingine, kwamba gari letu litakuwa getini kwake kila Jumanne saa mbili na nusu asubuhi na oda ataijua tangu Ijumaa, kwa hiyo hana haja ya kutoa gari lake mpaka Mbezi kwa ajili ya magunia machache. Akashusha shilingi 3 kwa kifuniko, 36,000. Jumla ya usafiri wa kuletewa ikawa 206,000, gawa kwa 12,000 unapata kama shilingi 17 kwa seti.

Sasa Kanta ya bosi, kukodi na mafuta na dereva 170,000, kibarua wa kupakia 15,000, jumla 185,000. Kwenye karatasi ni 15 na senti. Lakini chupa tupu ni hewa, hazina uzito ila zinakula bodi yote, nikapima magunia yao nikaona ukishaweka maboksi na vifuniko, chupa zinazoingia ni 9,000 basi. Na chupa ikibaki Vingunguti lebo yake haina kazi, kwa hiyo unagawa kwa 9,000 na seti inapanda mpaka 20 na ushee, ghali kuliko kuletewa!

Nikaziacha chupa aendelee kuleta mwenyewe maana gari lake linakuja limejaa, huwezi kumshinda hapo. Hivyo vitatu vingine nikavipa kirikuu, 80,000 kwa mzunguko pamoja na kupakia. Inashuka Mandela mpaka Vingunguti inachukua vifuniko, inarudi Chang'ombe kulaza maboksi, lebo za Gerezani zinakaa kebini na dereva, halafu inapanda Morogoro Road kabla foleni ya Kariakoo haijafunga kabisa. Vitatu hivyo kuletewa ni 98,000, kwa hiyo tunabakiza 18,000 na seti inakuwa kama 15.70. Si hela ya kujengea nyumba, ila ni kila wiki.

Kinachoiua ni kusubiri. Kirikuu anadai 10,000 kwa saa akikaa getini, kwa hiyo maboksi yakichelewa masaa mawili faida yote imeenda na juu yake. Sheria yetu ni nusu saa, maboksi yasipokuwa tayari dereva anaondoka na mwenye maboksi anayaleta kwa gari lake kwa bei ile ile ya kuchukua getini kwake, alikubali hivyo kabla hatujaanza. Jumatatu jioni napiga simu kwa wote, na ya maboksi huwa naomba picha ya mzigo ukiwa umefungwa, maana "ipo tayari" ya simu naijua.

Kingine, kirikuu ni 80,000 ikibeba nusu au ikijaa, ila punguzo linafuata idadi. Toa ile 12,000 ya boda inabaki 68,000 ya kurudishwa na punguzo la maboksi na vifuniko ambalo ni kama shilingi 7.20 kwa seti, kwa hiyo chini ya seti kama 9,500 mzunguko unakula hela. Soko likipoa tukashuka 6,000 hatuitumi kila wiki, tunaunganisha oda za wiki mbili, stoo ya maboksi inabana kidogo lakini inatosha.