Jioni moja ya taa kwa nguvu za miguu yangu

Nilitaka kujua nikikanyaga baiskeli ili niwashe taa ya LED ya wati 9 kwa saa 5, mwili wangu utakula kiasi gani. Kwenye karatasi ilikuwa rahisi. Wati 9 mara saa 5 ni wati-saa 45. Kilowati-saa moja, ile uniti tunayolipia umeme, ni kilokalori 860 hivi, kwa hiyo taa yangu ilihitaji kilokalori 39 tu, ambazo zimo ndani ya gramu 10 za wanga. (Kalori tunazozitaja kwenye chakula ni kilokalori, kwenye lebo huandikwa kcal. Ukizihesabu kama kalori ndogo, utakosea mara 1,000.)

Nikainua gurudumu la nyuma kwenye stendi, nikalifunga mkanda hadi kwenye mota yenye sumaku ndani ili izalishe umeme, kisha waya hadi betri ya gari ya volti 12. Nilipopumzisha miguu mara ya kwanza, gurudumu likaendelea kuzunguka lenyewe! Betri ndiyo iliyokuwa ikiizungusha mota, na umeme wangu ukipotea hivyo hivyo. Nikaweka diodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye waya chanya, gurudumu likasimama.

Kabla ya kuunganisha betri, pedeli zilikuwa nyepesi kabisa. Nilipoiunganisha na kuongeza mwendo, zikawa nzito kama napanda mlima, na mita ikasoma volti 13.5 na ampea 3.7, yaani wati 50. Mwendo huo niliweza kuushikilia huku nikihema lakini bado naongea.

Betri ya risasi hairudishi yote unayoipa. Niliihesabia asilimia 80, kwa hiyo ili nipate wati-saa 45 ilinibidi niingize 56. Kwa wati 50 hiyo ni saa moja na dakika 8 za kukanyaga bila kupumzika, na nilizikanyaga zote. Taa ikawaka jioni nzima.

Sasa rudi nyuma kuelekea mwilini, maana huko ndiko chakula kinakoishia. Mkanda na mota niliyoigeuza jenereta havipitishi yote. Nikikadiria asilimia 60, miguu yangu ilitoa wati-saa 94. Nayo misuli ya mtu anayeendesha baiskeli hugeuza kuwa kazi asilimia 20 hadi 25 tu ya nishati ya chakula, inayobaki ni joto, lile lililoilowesha fulana yangu mgongoni. Kwa asilimia 23 napata wati-saa 410, sawa na kilokalori 350. Ni mara tisa ya zile 39 za karatasini.

Kwa mtambo huohuo, balbu ya zamani ya wati 60 ingenidai saa 7 na nusu za kukanyaga kwa jioni ileile. Na uniti moja kamili ingenichukua saa 25.