V ndiyo iliyonisumbua: nilivyokokotoa mfumuko wa bei kwa mlinganyo wa fedha

Ninashika vitabu vya hesabu katika duka la jumla mjini Busia, upande wa Uganda, na jioni ninasoma uchumi kwa masafa. Katika muhula wa nadharia ya wingi wa fedha tulipewa kazi iliyoonekana ya darasa la chini: ujazo wa fedha ukibadili mwendo, mfumuko wa bei utakuwa kiasi gani? Kisha tufanye hesabu hiyohiyo kwa hali kama ya Uganda ya mwaka 1987. Sehemu ya kwanza niliimaliza haraka. Ya pili ndiyo iliyonikalisha.

Mlinganyo wenyewe ni M × V = P × Y. M ni fedha taslimu zilizo mikononi mwa watu pamoja na amana zao benki. V ni kasi ya mzunguko, yaani shilingi moja imenunua bidhaa mpya na huduma mara ngapi kwa mwaka. P ni kiwango cha bei, na Y ni pato halisi. Ukitaka mfumuko wa bei unaitoa P peke yake: P = M × V ÷ Y. Mwalimu alitupa njia ya mkato ya kujumlisha asilimia: ukuaji wa fedha, ongeza ukuaji wa kasi, toa ukuaji wa pato. Fedha zikikua kwa asilimia 10, pato kwa 6, na kasi isipobadilika, bei zinapanda kwa asilimia 4. Ukuaji wa fedha ukipanda hadi 16, mfumuko unakuwa 10. Nukta sita zilizoongezwa kwenye fedha zimehamia zote kwenye bei.

Nilipenda kuhakiki kwa kuzidisha badala ya kujumlisha, maana dukani nimezoea kwamba asilimia juu ya asilimia hazijumlishwi hivihivi. 1.16 ÷ 1.06 ni 1.094, kwa hiyo mfumuko ni asilimia 9.4, si 10 kamili. Tofauti ni ndogo na kwa uchumi uliotulia haina haja ya kugombewa.

Kwa mwaka 1987 hali ni nyingine kabisa. Miaka ile bei za Uganda zilikuwa zikipanda kwa karibu asilimia 200 kwa mwaka. Serikali ilikuwa ikikopa Benki Kuu kuziba pengo la bajeti, na fedha za kununulia mazao, kahawa hasa, nazo zilitoka huko. Nikabuni takwimu za ukubwa huo: fedha zimekua kwa asilimia 150, kasi imeongezeka kwa 20, pato limekua kwa 5. Njia ya mkato inatoa 165. Kuzidisha kunatoa 2.5 × 1.2 ÷ 1.05, yaani 2.857, ambao ni mfumuko wa asilimia 186. Nukta 21 zimepotea kwa sababu tu ya kujumlisha. Tangu hapo sheria yangu ni hii: takwimu yoyote ikivuka asilimia 10 hivi, ninazidisha.

Lakini kwa nini niliiongezea V asilimia 20, wakati vitabu vingi vinasema tuichukulie kama haibadiliki? Jibu nililipata kwa hajati mmoja anayeuza vitambaa karibu na duka letu, ambaye miaka ile alikuwa tayari sokoni. Nilimuuliza walikuwa wakiweka wapi pesa.

“Kuweka?” akacheka. “Mwanangu, pesa ya asubuhi jioni ilikuwa imeshageuka sukari. Nani alale na noti?”

Hiyo ndiyo V ikipanda. Kila mtu anamsukumia mwenzake noti kabla haijapungua thamani, na noti zilezile zinafanya kazi nyingi zaidi kwa mwaka. Kwa hiyo fedha zikikua kwa kasi kubwa, V haikai kitako kusubiri. Inazifuata, na bei zinapanda kuliko fedha zenyewe.

Mwezi Mei mwaka huo kulifanyika mabadiliko ya sarafu: shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na wakati wa kubadilisha watu walikatwa kodi ya asilimia 30. Aliyepeleka 100,000 alipata 700 badala ya 1,000. Mtihani unapenda kuuliza hapa. Kukata sifuri mbili hakubadili kitu, kwa sababu M na P zote zinagawanywa kwa 100. Kodi ndiyo inayogusa mlinganyo: zilizobadilishwa zimebaki 0.7, na kama V na Y zimetulia, P nayo inapaswa kushuka hadi 0.7. Sasa jiulize, V ingehitaji kupanda kiasi gani ili kodi hiyo isipunguze bei hata kidogo? Wengi darasani walisema 30. Ni 1 ÷ 0.7, yaani kasi ipande kwa asilimia 43. Na hata bila V kupanda hivyo, chanzo cha fedha mpya kikibaki wazi M inarudi ilikokuwa na kupita. Mwaka 1988 mfumuko ulikuwa bado karibu asilimia 200.

Uliokuja kushusha mfumuko wa bei kwa muda mrefu ni mwaka 1992, wizara za fedha na mipango zilipounganishwa na serikali ikaanza kutumia kile tu ilichokusanya. Hapa hesabu inafurahisha. Turudi kwenye takwimu zangu za kubuni: ukuaji wa fedha umeshushwa kutoka 150 hadi 40. Watu wakianza kuamini shilingi, wanakaa nayo, na V inashuka, tuseme kwa asilimia 10. 1.4 × 0.9 ÷ 1.05 ni 1.2, mfumuko wa asilimia 20. Ukuaji wa fedha umeshuka nukta 110, mfumuko umeshuka 166. Anayeshikilia kwamba V haibadiliki atapata 33, kisha atashangaa bei zimetulia mapema kuliko alivyotabiri.

Tatizo ni kwamba V hakuna anayeihesabu moja kwa moja. Unaipata kwa kugawa pato la taifa la bei za mwaka husika kwa M. Pato ninalichukua kwa idara ya takwimu, M kwa Benki Kuu. Pato ni la mwaka mzima wa fedha, Julai hadi Juni, ilhali M ni picha ya siku moja, kwa hiyo ninatumia wastani wa M wa miezi 12, si salio la Juni peke yake. La sivyo V inarukaruka bila sababu ya kiuchumi. Na V ya mwaka huu, kwa kuwa bei za mwaka huu zimo ndani yake, haiwezi kutumiwa kutabiri bei hizohizo. Utakuwa unazunguka mti. Kutabiri kunadai ukadirie V kutokana na mwenendo wa miaka iliyopita, na hapo ndipo nadharia inapoacha kuwa hesabu tupu na kuwa dai linaloweza kukosea.

Benki Kuu yenyewe ilikuwa ikiongoza uchumi kwa kulenga kiasi cha fedha. Julai 2011 ikahamia kwenye riba, ikianza na asilimia 13 na kufika 23 mwezi Novemba, baada ya mfumuko kugusa karibu 30. Kulenga M kunafaa pale V inapotabirika, nayo ilikuwa imeacha kutabirika.

Katika kazi yangu niliandika majibu mawili kwa kila swali, moja V ikiwa imetulia na lingine ikisogea, na kando yake sababu ya kuisogeza. Mwalimu aliweka alama kwenye sababu zaidi kuliko kwenye jibu.