Sauti ya dawati: sheria waliyoitunga wanafunzi wangu

Nafundisha darasa la tano katika shule ya msingi ya serikali. Watoto ni wengi, wanakaa watatu watatu kwenye dawati. Shule zikifunguliwa Januari, mazoea yetu ni kubandika sheria ukutani: usipige kelele, usile darasani. Safari hii niliuacha ukuta mtupu, nikawagawia vikaratasi visivyo na majina, nikawauliza: mwaka jana ni kitu gani kilikuzuia kujifunza?

Sikuwauliza wanataka sheria gani, maana wangeniimbia zilezile za ukutani. Kelele zilitajwa, lakini waliolalamikia orodha ya wapiga kelele walikuwa wengi zaidi. Walisema kiranja anamwandika asiyempenda na kumruka rafiki yake.

Sasa tufanyeje? Hapo watoto huwa wakali kuliko walimu. Walitaka viboko, kupiga magoti, kufagia wiki nzima. Nikawauliza kama aliyefagia atakuwa amejifunza kuongea taratibu. Wakajadiliana, mvulana mmoja akasema kuongea si kosa, kwani wanaelekezana hesabu. Tatizo ni sauti kufika dawati la tatu. Wakaiita sauti ya dawati. Tukaijaribu palepale: wawili waongee, na wa dawati la nyuma anyooshe mkono akiyasikia maneno yao. Walirudia mpaka mkono ukakaa chini. Wakakubaliana kwamba sauti ikizidi, jirani anagonga dawati mara mbili. Ukiendelea, unahamia mbele hadi kipindi kiishe.

Sheria zilikuwa nne tu, kwa maneno yao, kwenye karatasi ya manila, kila mmoja akaandika jina lake. Sare na saa ya kufika sikuzileta mezani. Hizo ni za shule, na kuwapigisha kura jambo lililokwishaamuliwa ni kuwachezea.

Zamani nikienda ofisini, utulivu ulikuwa unanifuata hadi mlangoni, kisha unaisha, kwa sababu sheria ilikuwa yangu. Siku hizi nikiwa barazani nasikia dawati likigongwa, kelele zinashuka. Haziishi, zinashuka. Na anayehamishwa habishi kwamba kaonewa, maana kipimo alikiweka mwenyewe.

Masika yalipoanza, sheria ilikwama. Mvua ikipiga bati, hata wa dawati lako humsikii, wote wakawa wanapaza sauti. Tukaitisha kikao kifupi, wakaongeza mstari: mvua ikiwa kubwa, tunasoma kimya au tunaandika. Mstari huo waliuandika kwa kalamu ya rangi nyingine, na nadhani ndiyo sheria wanayoitii kuliko zote.

Ila mwalimu mmoja wa somo bado anaagiza majina yaandikwe. Kwenye kipindi chake dawati haligongwi, kila mtu anamwangalia kiranja. Juzi kiranja alinifuata ofisini: "Shikamoo mwalimu, naomba umwambie mwalimu asinipe tena ile karatasi, wananichukia."