Spika ya jirani ilipotoa siri za kikao

Novemba 2022, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, niliitwa kwenye ofisi ya chama kimoja cha msingi cha ushirika huko Newala. Mwenyekiti alikuwa kwenye kikao cha mtandaoni na wenzake wa chama kikuu, wakijadili magunia yaliyorudishwa ghalani kwa unyevu na wakulima waliokuwa hawajalipwa. Ghafla sauti ikakatika kwenye laptopu. Watu wanaonekana midomo ikicheza, hakuna kinachosikika. Haikupita dakika, kijana wa duka la pili akachungulia mlangoni.

"Shikamoo mzee. Kikao chenu kinasikika dukani kwangu."

Kilikuwa kinatoka kwenye spika yake ya Bluetooth, majina ya wakulima na madeni yao, mbele ya wateja.

Kijana hakufanya hila yoyote. Msimu uliotangulia yeye ndiye aliyekuwa karani wa chama, na aliiunganisha spika yake na laptopu hiyo ili apate muziki wakati wa kuandika stakabadhi. Vifaa viwili vya Bluetooth vikioanishwa mara ya kwanza, hutengeneza ufunguo wa siri, na kila kimoja hubaki na nakala yake. Kuanzia hapo haviulizani tena. Siku zote spika ilikuwa ikiwahi kuishika simu ya kijana. Siku ile simu ilikuwa imezimika chaji, basi spika ilipowashwa ikatafuta kifaa kingine inachokifahamu, na laptopu ilikuwa nyuma ya ukuta, kama mita sita tu. Bluetooth ya vifaa vya kawaida hufika mita kumi hivi, na ukuta mmoja wa tofali hauizuii. Windows nayo, ikipata spika mpya, mara nyingi huhamishia sauti huko yenyewe. Kama spika ina maikrofoni, hata maneno ya dukani yanaweza kuingia kikaoni.

Mwenyekiti alitaka tuzime Bluetooth yaishe. Lakini kipanya cha ofisi kilikuwa cha Bluetooth, na kuzima si kufuta: ukiwasha tena, ufunguo bado upo. Laptopu ilikuwa ya Windows 10, kwa hiyo tukaingia `Settings`, `Devices`, kisha `Bluetooth & other devices`, tukabofya jina la spika na kuchagua `Remove device`. (Kwenye Windows 11 sehemu hiyo inaitwa `Bluetooth & devices`.) Mle ndani zilikuwamo pia simu tatu ambazo hakuna aliyezitambua. Zikaondoka zote, kikabaki kipanya.

Kazi ilikuwa imefika nusu. Nakala ya pili ya ufunguo ilikuwa bado ndani ya spika. Ukifuta upande mmoja tu, upande wa pili unaendelea kubisha hodi na kukataliwa. Madhara hayapo, ila siku ukitaka kuviunganisha tena vinaweza kugoma: jina linaonekana, unabofya, hakuna kitu. Wengi hapo hudhani kifaa kimekufa, kumbe upande mmoja unatumia ufunguo ambao mwenzake ameshautupa. Kijana alileta spika, akashikilia kitufe cha Bluetooth mpaka taa ikaanza kuwaka na kuzima haraka na ile orodha yake ikafutika. Kitufe na muda wa kukishikilia hutofautiana kwa kila aina ya spika, hivyo karatasi iliyokuja kwenye boksi isitupwe.

Nilipokuwa pale pale nikaangalia na Wi-Fi, maana palipoachwa Bluetooth ya mtu, mara nyingi na nywila zake zipo. Nikafungua dirisha la amri:

```
netsh wlan show profiles
```

Yakatoka majina kumi na moja chini ya `All User Profile`. Maana ya maneno hayo ni kwamba mtandao umehifadhiwa kwa akaunti zote za laptopu. Kumfungulia karani mpya akaunti yake hakuuondoi. Kulikuwa na ruta ya ofisi, nyumba ya wageni ya Masasi, hotspoti za simu, na nyumbani kwa yule kijana. Nikamwomba ruhusa, nikaandika amri ya pili mbele yake, nikiweka jina la mtandao wa kwao mahali pa `JINA`:

```
netsh wlan show profile name="JINA" key=clear
```

Kwenye mstari wa `Key Content` nywila ya nyumbani kwao ikasomeka wazi, herufi kwa herufi. Akanyamaza, akauliza nani mwingine ameweza kuiona. Nikamjibu kuwa ni yeyote aliyekalia kiti kile tangu aondoke. Amri hiyo huonyesha nywila kwa mwenye haki za msimamizi tu, lakini laptopu ile ilikuwa na akaunti moja, ya msimamizi, iliyotumiwa na kila mtu.

Mtandao wa nyumba ya wageni ulinitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa haukuwa na nywila. Mtandao wa namna hiyo laptopu huutambua kwa jina peke yake. Nikazima ruta ya ofisi, nikaipa hotspoti ya simu yangu jina lile lile, herufi kubwa na ndogo zikiwa vilevile, nikaondoa nywila. Laptopu ikajiunga bila kuguswa, kwa sababu siku ile ya Masasi mtu aliacha alama kwenye `Connect automatically`. Kama mimi ningekuwa mtu mbaya kwenye foleni ya mnada, mawasiliano ya laptopu ya chama yangepita mkononi mwangu. Tovuti zenye kufuli zingebaki zimefungwa, lakini ningejua ni zipi zinazotembelewa, na ningeweza kumletea anayeitumia ukurasa wa uongo wa kuomba nywila.

Tukafuta moja moja:

```
netsh wlan delete profile name="JINA"
```

Ipo njia ya kuweka nyota mahali pa jina na kufuta yote kwa mpigo. Sikuitumia, kwani hakuna aliyekumbuka nywila ya ruta ya ofisi, na kuifuta kabla ya kuiandika pembeni kungewaacha bila mtandao siku ya malipo. Asiyependa amri aende `Network & Internet`, `Wi-Fi`, `Manage known networks`, abofye jina na kuchagua `Forget`.

Hapo mhazini, mama mtu mzima aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Mwanangu, hizo za kwake tumezifuta. Ya kwetu iliyoko kwenye simu yake je?"

Hilo ndilo swali ambalo wengi hawalifikii. Kufuta kwenye laptopu kulimlinda kijana. Ofisi ilikuwa bado wazi, kwa sababu nywila ya ruta ilikuwamo kwenye simu za makarani wote waliopita. Huwezi kuzunguka Newala ukishika simu za watu. Na hata ungeshika, simu nyingi za Android kuanzia toleo la 10 humruhusu mwenye simu kumgawia mtu mtandao kwa picha ya kuskani, mara nyingi nywila ikiwa imeandikwa chini yake. Dawa iko kwenye ruta: nywila ikibadilishwa pale, nakala zote za zamani zinakufa kwa pamoja. Tukaibadilisha, ikaandikwa kwenye daftari la mhazini, tukaiingiza upya kwenye laptopu na kwenye printa. Printa ndiyo husahaulika, halafu kesho yake inadaiwa kuharibika.

Nikarudia amri ya kwanza. Likatoka jina moja. Mwenyekiti akapiga tena chama kikuu, na kabla hajasema lolote akamtuma kijana aende dukani, awashe spika, asikilize.